Kadi haifomatiwi mpaka namba zilingane

Wakulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, huingia shambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mpaka vigingi na kamba za mwani vinabaki nje. Bamvua ikipita huja maji mafu. Mpiga video aliyepoteza futeji ya asubuhi moja atasubiri kama wiki mbili ili aione tena bahari ikiwa katika hali ile ile, na huenda wakati huo pesa za safari zimeshakwisha. Kwa hiyo nitatumia kazi ya namna hiyo kueleza jinsi futeji inavyotolewa kwenye kadi, inavyohakikiwa na inavyowekwa mahali patatu kabla kadi haijafutwa.

Tuseme ni watu wawili wenye kamera mbili za Sony, wanarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Kiwango hicho ni gigabaiti 45 kwa saa. Kila kamera ikirekodi saa mbili kwa siku, jioni kuna gigabaiti 90 kwenye kadi ya kila mmoja, yaani 180 kwa siku na 720 kwa siku nne. Wana kompyuta mpakato moja, SSD mbili za nje za terabaiti moja moja, na diski moja ya kawaida ya kuzunguka ya terabaiti mbili. Hivyo vinatosha kabisa, mradi vitumike kwa mpangilio.

Kwanza tuone kwa nini kuburuta folda na kusubiri mstari ujae hakutoshi. Ukinakili faili kwa njia ya kawaida, kompyuta inasoma baiti kutoka kwenye kadi, inaziweka kwenye RAM, kisha inazituma kwenye diski. Mstari unapofika mwisho, maana yake ni kwamba baiti zimetumwa. Kompyuta haikurudi kuisoma diski kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichotumwa. Kebo iliyolegea, kisoma kadi kinachopata moto, au diski yenye sehemu mbovu vinaweza kubadilisha baiti chache, na faili ikabaki na jina lile lile na ukubwa ule ule. Utagundua wiki mbili baadaye kwenye uhariri, picha inapopasuka vipande vya kijani katikati ya mahojiano, au programu inapokataa kabisa kufungua klipu. Wakati huo kadi imeshafomatiwa na kurekodiwa tena mara kadhaa.

Alama ya faili

Dawa yake ni cheksamu. Programu inasoma faili nzima, baiti kwa baiti, inazipitisha kwenye hesabu maalumu na kutoa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Faili ile ile hutoa mfuatano ule ule kila mara, kwenye kompyuta yoyote. Ukibadilisha biti moja tu ndani ya gigabaiti kumi, mfuatano unakuwa mwingine kabisa, wala haufanani hata kidogo na wa kwanza. Kwa hiyo huna haja ya kutazama saa nne za video ili kujua kama nakala ni sahihi. Unalinganisha alama mbili.

Hesabu zenyewe zipo za aina kadhaa. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991, hutoa herufi 32. SHA-256 hutoa 64. xxHash ni ya kasi zaidi, na programu nyingi za kushusha kadi kwenye uzalishaji mkubwa huitumia kwa sababu haicheleweshi kompyuta. Watu hubishana ipi ni bora, wakisema MD5 inaweza kughushiwa. Ni kweli inaweza kughushiwa na mtu mwenye utaalamu na nia mbaya, lakini adui wetu hapa ni kebo na diski, na kwa hao MD5 inatosha. Mimi natumia SHA-256 kwa mifano ya hapa kwa sababu Mac inakuja nayo tayari, bila kusakinisha chochote.

Jambo linalosahaulika ni hili: alama inathibitisha tu kile ilichohesabiwa kutoka kwake. Ukinakili kadi kwenda SSD, kisha ukahesabu alama za SSD, ukanakili SSD kwenda diski ya pili na alama zikalingana, umethibitisha kwamba nakala ya pili ni sawa na ya kwanza. Kama ya kwanza iliharibika ikitoka kwenye kadi, sasa una nakala mbili zilizoharibika zinazolingana vizuri sana. Orodha ya alama lazima itoke kwenye kadi yenyewe, na kila nakala, hata iwe ya tatu kutoka kwa nakala nyingine, ilinganishwe na orodha hiyo.

Kadi inapotoka kwenye kamera

Kadi ya SD ina kitufe kidogo cha kufunga ubavuni. Kisukume chini mara kadi inapotoka kwenye kamera, kabla haijaingia mfukoni. Kitufe hicho ni ishara tu ambayo kisoma kadi huisoma, na vipo visoma kadi vinavyoipuuza, lakini kina faida mbili. Mac haitaandika faili zake za siri kwenye kadi yako, na mtu akiirudisha kwenye kamera kwa bahati mbaya, kamera itakataa kurekodi. Kadi za CFexpress hazina kitufe hicho, kwa hiyo kwa hizo inabidi kutegemea utepe: utepe mwekundu maana yake imejaa na haijahakikiwa, na utepe hautolewi na mtu mwingine isipokuwa anayeshusha kadi. Kazi hii iwe ya mtu mmoja. Wawili wakisaidiana, kila mmoja hudhani mwenzake ameshafanya.

Kila kadi ipewe jina: A01 ni kadi ya kwanza ya kamera A, B01 ya kamera B. Hili si urembo. Kamera zote mbili zitatoa klipu inayoitwa C0001.MP4, nyingine C0002.MP4, na kuendelea. Ukimwaga kadi mbili kwenye folda moja, kompyuta itauliza kama ubadilishe faili iliyopo, na mtu aliyechoka saa nne usiku anabonyeza ndiyo. Klipu za kamera A zimeondoka bila kelele.

Nakili kadi nzima, siyo klipu tu. Kwenye kadi ya Sony video zimo ndani ya PRIVATE/M4ROOT/CLIP, na kando ya kila klipu kuna faili ndogo ya XML yenye maelezo yake. Ukichukua MP4 peke yake video itacheza, lakini maelezo hayo yanapotea, na kwa aina nyingine za kamera, zile zinazokata rekodi ndefu vipande vipande, muundo wa folda ndio unaoiambia programu ya uhariri kwamba vipande ni vya rekodi moja.

Sasa kazi yenyewe. A01 ni jina letu sisi; kwenye kompyuta, kadi isiyopewa jina ilipofomatiwa Mac huiita Untitled. Fungua Terminal na utengeneze orodha ya alama moja kwa moja kutoka kwenye kadi:

```
cd /Volumes/Untitled
find . -type f -not -path '*/.*' -exec shasum -a 256 {} + > ~/Desktop/A01.sha256
```

Amri hii inapitia kila faili isiyo ya siri na kuandika alama yake pamoja na njia yake kwenye faili A01.sha256. Kwa gigabaiti 90 na kisoma kadi kinachosoma megabaiti 80 kwa sekunde, itachukua kama dakika 19. Orodha ikiwa tayari, ifungue uitazame kabla ya kuendelea. Kama kuna mstari unaoanza na e3b0c442, tulia: hiyo ndiyo alama ya SHA-256 ya faili tupu, isiyo na baiti hata moja. Klipu yenye alama hiyo haina kitu ndani, na ni vizuri uijue ukiwa bado Paje.

Kisha nakili, ukiwa umeshatengeneza folda SIKU1 kwenye diski:

```
rsync -av --exclude='.*' /Volumes/Untitled/ /Volumes/SSD1/SIKU1/A01/
```

Mkwaju wa mwisho baada ya Untitled una maana: unasema nakili vilivyomo ndani, siyo folda yenyewe. Hapa kadi inasomwa mara ya pili, dakika nyingine 19. Wengi huona huo ni upotevu wa muda, kwa sababu programu inaweza kuhesabu alama huku ikinakili, kwa usomaji mmoja. Lakini usomaji mmoja una shimo. Kisoma kadi kikipotosha baiti njiani, alama itahesabiwa kutoka kwa baiti zilizopotoshwa, diski itaandikwa baiti zile zile, na kila kitu kitalingana. Kadi ikisomwa mara mbili, kosa la kisoma kadi litajionyesha, maana ni vigumu lirudie mahali pale pale kwa namna ile ile. Nikiwa na haraka naweza kufupisha hatua nyingine, lakini siyo hii.

Kutoa diski kabla ya kuihakiki

Baada ya kunakili, kishawishi kikubwa ni kuhakiki papo hapo. Usifanye hivyo. Kompyuta huhifadhi kwenye RAM baiti ilizozishughulikia punde, na ukiiomba isome faili iliyoandikwa dakika moja iliyopita, inaweza kukupa kutoka RAM bila kuigusa diski. Uhakiki utakwenda kasi ya ajabu na kila kitu kitasema OK, ilhali hujaihakiki diski. Kwa kadi ya gigabaiti 90 kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16, hatari iko kwenye klipu za mwisho tu. Kwa kadi ya kinasa sauti, ambayo kutwa nzima inaweza kuwa na gigabaiti tatu, kadi yote inaweza kuwa ndani ya RAM. Dalili ya kuitambua ni kasi: diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 110 kwa sekunde haiwezi kuhakiki gigabaiti tatu kwa sekunde tano.

Kwa hiyo toa diski kwa utaratibu, chomoa, chomeka tena, ndipo uhakiki:

```
cd /Volumes/SSD1/SIKU1/A01
shasum -a 256 -c ~/Desktop/A01.sha256
```

Kutoa kwa utaratibu kuna sababu nyingine. Diski nyingi zinazotumika kati ya Mac na Windows zimefomatiwa exFAT, na exFAT haina daftari la ndani la kurekebisha mambo kazi inapokatika. Ukichomoa ghafla, orodha ya faili yenyewe inaweza kuvurugika.

SSD ya pili na diski ya kuzunguka hunakiliwa kutoka SSD ya kwanza, na huhakikiwa kwa orodha hiyo hiyo. Kila klipu italeta mstari wake: ./PRIVATE/M4ROOT/CLIP/C0001.MP4: OK. Unachotafuta ni mistari isiyo OK. Tuseme jioni ya siku ya kwanza C0014.MP4 inasema FAILED kwenye diski ya kuzunguka, wakati SSD zote mbili zinasema OK. Hapo hakuna fumbo. Orodha ya kadi na SSD mbili zinakubaliana, kwa hiyo kosa ni la diski hiyo au kebo yake. Futa klipu hiyo moja kwenye diski, inakili upya, toa diski, chomeka, hakiki tena. Ikifeli mara ya pili, badilisha kebo na uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Diski za kuzunguka hula umeme mwingi kuliko SSD, na zikigawana kituo kidogo cha USB kisicho na umeme wake, hukatika kwa sekunde moja na kurudi, bila wewe kuona. Ikifeli tena kwa kebo nyingine, diski hiyo haifai, iwe mpya au ya zamani.

Ingekuwa C0014 imefeli kwenye nakala zote tatu, maana ingekuwa tofauti. Nakala za pili na za tatu zilitoka kwenye SSD ya kwanza, kwa hiyo zimerithi kosa lililotokea kadi iliposomwa. Hesabu upya alama ya klipu hiyo kutoka kwenye kadi. Ikileta alama ile ile ya orodha, kadi ni nzima na usomaji wa pili ndio uliokosea, kwa hiyo nakili tena. Ikileta alama tofauti kila unapojaribu, kadi au kisoma kadi kinakufa. Acha kila kitu, iache kadi imefungwa, tafuta kisoma kadi kingine, na usiirudishe kadi hiyo kwenye kamera hata kama baadaye itaonekana imepona.

Ukiona FAILED open or read, faili haipo kabisa. Unakili uliishia njiani, mara nyingi kwa sababu kompyuta ililala. Kwenye Mac, amri caffeinate ikiachwa wazi kwenye dirisha jingine huizuia kulala.

Kwa anayetumia Windows, TeraCopy hufanya kazi hii na ina chaguo la kuhakiki baada ya kunakili. DaVinci Resolve, hata toleo la bure, ina Clone Tool kwenye ukurasa wa Media, inayonakili kwenda diski zaidi ya moja kwa pamoja na kuhakiki. Kwenye seti kubwa utakuta OffShoot, ShotPut Pro au Silverstack, ambazo huandika pia ripoti na orodha ya alama katika mpangilio uitwao MHL, ili studio inayopokea diski iweze kuhakiki bila kuuliza maswali. Ukizielewa hatua za hapo juu, utajua pa kuangalia kwenye mipangilio ya programu yoyote kati ya hizo: inasoma chanzo mara ngapi, na je, inasoma tena ilichoandika au inalinganisha ukubwa wa faili tu. Kuna mipangilio inayoitwa uhakiki ambayo hulinganisha ukubwa peke yake, na hiyo haitaikamata klipu iliyoharibika katikati.

Mahali patatu

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Kwenye kazi ya Paje, SSD mbili na diski ya kuzunguka zinatimiza tatu na mbili. Aina mbili zina maana kwa sababu SSD mbili zilizonunuliwa siku moja dukani kutoka kwa mtengenezaji mmoja zinaweza kuwa na kasoro moja, ilhali diski ya kuzunguka hufa kwa sababu tofauti kabisa, hasa kwa kuanguka.

Hiyo moja ya mwisho ndiyo yenye utata mkiwa safarini. Wengi husema wataipandisha kwenye wingu. Gigabaiti 180 kwa mtandao unaopandisha megabiti 10 kwa sekunde zinahitaji saa 40, na siku inayofuata kuna 180 nyingine. Wingu haliwezi kubeba kazi hii. Mahali pengine pawe mtu mwingine: SSD ya pili inalala chumbani kwa mwenzako, au kwa mwenyeji mnayemwamini upande wa pili wa kijiji, ili mwizi au maji ya mvua yakiingia chumba kimoja, yasimalize vyote. Begi lenye diski tatu ndani yake ni kama nakala moja tu.

Je, kadi yenyewe inahesabiwa? Ndiyo, mpaka dakika unayoifomati. Hapo ndipo watu hudanganyika. Wana kadi, SSD na diski, wanasema nakala tatu, wanafomati kadi asubuhi na kubaki na mbili. Kama mna kadi za kutosha siku zote nne, msizifomati kabisa mpaka mfike nyumbani. Kama hamna, kadi inarudi kazini baada ya vifaa vitatu visivyo kadi kuleta OK kwa kila mstari, na inafomatiwa ndani ya kamera, siyo kwenye kompyuta, ili kamera ijijengee folda zake.

Muda wa jioni moja unahesabika. Kwa kadi moja ni dakika 19 za orodha, 19 za kunakili, kama tano za SSD ya pili, kama tano tano za kuhakiki kila SSD, kisha 14 za kuandika diski ya kuzunguka na 14 za kuihakiki. Jumla ni kama dakika 80. Kwa kadi mbili ni kama saa mbili na dakika 40, au pungufu kidogo kadi B ikianza kusomwa wakati diski ya kuzunguka bado inahakikiwa. Maji yakikupwa asubuhi, anza mchana huo huo mara kamera zinapotoka majini, wakati umeme upo na akili bado ina nguvu. Msisahau kadi ya kinasa sauti. Ni ndogo, inakaa mfukoni mwa mtu, na ndiyo mara nyingi hupotea ikiwa na mahojiano yote.

Kitu kimoja alama hazikuambii: kama picha ni nzuri. OK maana yake nakala ni sawa na kadi. Kama kamera ilizimika kabla ya kufunga klipu, au kipaza sauti hakikuchomekwa, utakuwa na nakala tatu sahihi za klipu isiyofaa. Kwa hiyo, diski ya kuzunguka inapohakikiwa, fungua SSD ya kwanza na upitie kila klipu mwanzo, katikati na mwisho, ukisikiliza kwa spika za masikioni. Ukikuta kosa jioni hiyo, kesho bado ni bamvua na kina mama watarudi shambani.

Siku ya kuvuka kurudi Dar es Salaam, faili za orodha ziwe zimenakiliwa kwenye kila diski kando ya folda zake, siyo kwenye kompyuta tu. Watu wawili mkiweza, mpande boti tofauti, mmoja na SSD ya kwanza na kadi, mwingine na SSD ya pili na diski ya kuzunguka. Mkifika, amri ile ile ya shasum -c inarudiwa kwenye kila diski kabla uhariri haujaanza, kwa kuwa diski zilizokaa kwenye begi baharini hazipaswi kuaminiwa kwa uhakiki wa juzi. Mhariri anafanyia kazi SSD ya kwanza. Nyingine mbili zinawekwa nyumba tofauti, zimeandikwa jina la kazi na tarehe, na kadi zinaweza kufomatiwa jioni hiyo.